Viduara vya Zambarau, Vijiti vya Waridi: Jinsi ya Kusoma Picha ya Rangi ya Gram

Tuanze na sampuli yenyewe. Ni usaha uliovutwa kwa bomba la sindano kutoka kwenye jipu la kina, chini ya mshono wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo siku sita zilizopita. Homa imepanda, ngozi kuzunguka mshono imekuwa nyekundu, na usaha una harufu kali ya uozo. Kwenye karatasi ya maombi daktari ameandika swali fupi: je, ni stafilokokasi?

Ni swali la haki, kwa sababu stafilokokasi huishi kwenye ngozi na huongoza orodha ya bakteria wanaoharibu vidonda vya upasuaji. Sampuli imepakwa kwenye slaidi, imetiwa rangi, na sasa picha ya hadubini iko mbele yako. Ndani yake kuna viduara vya zambarau na vijiti vya waridi. Viduara ndio wale ambao maabara huwaita kokasi. Vijiti ndio basili. Nitakuonyesha jinsi ninavyoisoma picha ya aina hii, kwa utaratibu uleule kila mara, hadi tufike kwenye jibu la kumpa daktari.

Hatua ya kwanza: jua rangi ilifikaje pale

Anayesoma picha bila kujua slaidi ilivyotengenezwa atadanganywa na rangi. Kwa hiyo tutumie dakika chache kwenye sinki kabla ya kurudi kwenye hadubini.

Usaha kidogo hupakwa kwenye slaidi ukawa utando mwembamba, kiasi kwamba ukikauka unaweza kusoma maandishi yaliyo chini yake. Ukishakauka wenyewe hewani, hugandishwa kwa methanoli au kwa moto mdogo ili usioshwe na maji. Kisha humiminwa kristali vayoleti kwa takriban dakika moja, ikasuuzwa, ikafuatiwa na iodini kwa dakika moja nyingine. Mpaka hapo kila bakteria kwenye slaidi ni wa zambarau, awe wa aina gani. Iodini imeungana na ile rangi ndani ya seli na kuunda donge kubwa zaidi lisilotoka kwa urahisi.

Hatua inayotenganisha makundi ni ile inayofuata, ya kumimina alkoholi au mchanganyiko wa alkoholi na asetoni. Bakteria walio Gram-chanya wana ukuta mnene wa peptidoglaikani, wavu wa sukari na minyororo mifupi ya asidi amino uliojikunja tabaka juu ya tabaka. Alkoholi huukausha wavu huo, vitundu vyake vikabana, na lile donge la zambarau likabaki limefungiwa ndani. Walio Gram-hasi wana ukuta mwembamba sana, na nje ya ukuta huo wana utando mwingine wa mafuta. Alkoholi huyeyusha mafuta hayo, ukuta mwembamba unashindwa kuzuia, na zambarau inatiririka nje. Mwishoni hutiwa safranini, rangi nyekundu hafifu, kwa sekunde 30 hadi dakika moja. Wale waliopoteza zambarau huichukua na kuwa wa waridi. Waliobaki na zambarau hawabadiliki machoni.

Daktari Mdenmaki Hans Christian Gram alipobuni njia hii mjini Berlin, mwaka 1884, nia yake ilikuwa kuwaona bakteria ndani ya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Hakuwa anatafuta namna ya kuwagawa. Kwamba baadhi yao walipoteza rangi, kwake ilikuwa upungufu wa njia yake. Upungufu huo ndio tunaoutegemea leo.

Sasa angalia muda. Alkoholi yenye asetoni hufanya kazi kwa sekunde chache tu, na hapo ndipo slaidi nyingi huharibika. Sekunde mbili tatu zaidi kwenye utando mwembamba, na hata bakteria wa ukuta mnene wataanza kuachia zambarau yao. Sekunde pungufu kwenye utando mnene, na hata wale wa waridi watabaki wa zambarau. Mara nyingi makosa yote mawili hutokea kwenye slaidi moja, kwa sababu usaha haupakiki sawasawa: una mabonge katikati na ukungu pembeni. Kumbuka hilo, maana litatukuta muda si mrefu.

Hatua ya pili: tazama kwa lenzi ndogo kwanza

Wanaoanza hukimbilia lenzi ya mara 100 yenye mafuta, kwa kuwa ndiko bakteria wanakoonekana. Mimi huanza na lenzi ya mara 10, na picha iliyopigwa kwa lenzi kubwa tu huniacha na mashaka. Kwa lenzi ndogo hutaona bakteria, lakini utajua sampuli yenyewe ni kitu gani.

Tafuta seli za aina mbili. Nyutrofili, yaani seli nyeupe za ulinzi, zina kiini kilichogawanyika vipande viwili hadi vitano, kama shanga nene zilizoungana. Zikiwa nyingi, mwili uko vitani mahali hapo. Seli bapa za ngozi au za kinywa ni kubwa, pana, zenye kiini kimoja kidogo katikati. Zikiwa nyingi, sampuli imegusa juu juu, na bakteria utakaowaona baadaye huenda ni wakazi wa kawaida wa ngozi au kinywa. Kwa makohozi, maabara nyingi hukataa sampuli yenye seli bapa zaidi ya 10 kwa kila uwanja wa lenzi ndogo, yaani eneo linaloonekana kwa mtazamo mmoja, kwa sababu hiyo ni mate.

Katika sampuli yetu nyutrofili zimejaa na seli bapa hakuna. Hilo linaendana na usaha uliovutwa kwa sindano kutoka kina, badala ya kupangusa jeraha kwa usufi. Basi bakteria tutakaowaona wana uzito.

Hatua ya tatu: muulize shahidi aliye ndani ya slaidi

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko pengine popote. Tia tone la mafuta, shusha lenzi ya mara 100, na kwanza acha bakteria. Tazama viini vya nyutrofili.

Seli za binadamu hazina ukuta wa peptidoglaikani. Haziwezi kushika zambarau mbele ya alkoholi. Kwa hiyo, kwenye slaidi iliyotengenezwa vizuri, viini vya nyutrofili lazima viwe vya waridi au vyekundu. Ukivikuta vya zambarau au bluu nzito, alkoholi haikufika vya kutosha mahali hapo, na zambarau yoyote unayoiona kwa bakteria wa eneo hilo haithibitishi chochote. Sogea ukatafute sehemu nyembamba zaidi. Ukiwa na picha tu huwezi kusogea, basi omba picha nyingine, au andika wazi kwamba eneo lililopigwa halisomeki.

Kosa la upande wa pili, la alkoholi kupita kiasi, halionekani kwenye viini, kwa sababu viini vitakuwa vya waridi kwa vyovyote. Dalili yake iko kwa bakteria wenyewe: kundi moja la viduara vya ukubwa mmoja, umbo moja, waliokaa pamoja, lakini nusu ni wa zambarau na nusu wa waridi. Si kawaida kwa aina mbili za bakteria kujichanganya kwa usawa hivyo ndani ya kishada kimoja. Kilicho rahisi kuamini ni kwamba wote ni Gram-chanya na baadhi wamevuja. Bakteria waliokufa, waliozeeka, au waliokwisha kupigwa na dawa huvuja mapema kuliko wenzao, kwa kuwa ukuta wao umeshatoboka. Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza antibiotiki kabla ya sampuli kuchukuliwa anaweza kukupa viduara vya waridi ambavyo kwa haki ni vya zambarau.

Ndiyo maana kila siku, na kila chupa mpya ya rangi inapofunguliwa, maabara makini hutengeneza slaidi ya kupimia yenye bakteria wawili wanaojulikana: stafilokokasi kwa upande wa zambarau na E. koli kwa upande wa waridi. Hao wawili wakitoka na rangi zao, tatizo la slaidi ya mgonjwa haliko kwenye chupa. Linabaki kwenye unene wa utando, mkono wa mtengenezaji au hali ya bakteria wenyewe.

Kwa picha iliyopigwa kwa simu kupitia lenzi ya jicho kuna shahidi mwingine: eneo tupu lisilo na seli. Linatakiwa liwe jeupe au la waridi hafifu sana. Likiwa la njano, simu imechukua rangi ya taa, na waridi yote itaonekana kama machungwa. Likiwa la bluu, vijiti vya waridi vitaelekea zambarau. Usisome rangi ya bakteria mpaka umejua rangi ya utupu.

Kwenye slaidi yetu, uwanja wa kwanza ulikuwa bonge nene. Viini vilikuwa vya bluu, na kila kitu, vijiti pamoja na viduara, kilionekana cha zambarau. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba kuna vijiti vya Gram-chanya, na daktari angeanza kufikiria magonjwa mengine kabisa. Mimi mwenyewe, nikiwa bado mwanafunzi, niliwahi kuandika hivyo kwa slaidi iliyofanana na hii, na aliyenifundisha hakunikaripia. Alichukua slaidi, akaisogeza pembeni kidogo, akaniambia nitazame viini. Tangu siku hiyo sijawahi kutaja rangi ya bakteria kabla ya kutaja ya viini. Tulipofika ukingoni mwa bonge, viini vilikuwa vya waridi safi, na vile vijiti vikawa vya waridi pia. Viduara vilibaki vya zambarau. Hapo sasa kuna la kusoma.

Hatua ya nne: amini umbo, kisha mpangilio

Kati ya rangi na umbo, umbo ndilo gumu zaidi kuharibika. Alkoholi inaweza kubadili rangi ya kiduara. Haiwezi kukifanya kijiti. Kwa hiyo umbo na rangi vikipingana na unachokitarajia, ishuku rangi kwanza.

Pima kwa macho. Chembe nyekundu ya damu, ambayo karibu kila usaha unazo, ina upana wa takriban mikromita 7. Kiduara cha kawaida kina upana wa mikromita 1, yaani saba hivi vingejipanga kuvuka chembe moja ya damu. Kijiti kama E. koli kina urefu wa mikromita 2 hadi 3. Kitu cha zambarau chenye ukubwa wa nusu ya chembe ya damu hakiwezi kuwa kokasi. Huenda ni hamira, ambayo nayo hushika zambarau. Na madoa ya zambarau yenye ukubwa usiolingana, mengine ncha, mengine vumbi, yanayong'aa ukizungusha kirekebishi cha kulenga picha, ni rangi iliyoganda ambayo haikuchujwa. Bakteria wa aina moja hufanana kwa ukubwa. Vumbi la rangi halifanani.

Kisha tazama vimekaaje. Stafilokokasi hugawanyika pande nyingi bila mpangilio, na watoto hubaki wameshikana, hivyo huunda vishada kama vya zabibu. Streptokokasi na jamaa zake, wakiwemo enterokokasi, hugawanyika kwa mstari mmoja, hivyo huunda jozi na minyororo. Numokokasi huwa jozi zenye ncha kwa nje, na mara nyingi mwanga mtupu umewazunguka kwa sababu ya gamba lao lisiloshika rangi. Tahadhari moja: ndani ya usaha wa moja kwa moja, stafilokokasi mara nyingi huonekana mmoja mmoja au wawili wawili, kwa kuwa usaha huvunja vishada. Kwa hiyo kutoona kishada kwenye uwanja mmoja hakutoshi kumkanusha. Pita nyanja 20 angalau, ukitafuta hata kishada kimoja kizuri au mnyororo mmoja wa wanne au zaidi. Mnyororo wa wanne una thamani kuliko jozi hamsini.

Vijiti vya waridi navyo vina sura zake. E. koli, klebsiela na ndugu zao wa utumboni ni wanene, wamenyooka, na mara nyingi ncha mbili zimekolea kuliko katikati. Sudomonasi ni wembamba zaidi. Bakteroidi, ambao hawavumilii oksijeni, ni wa waridi iliyopauka, urefu wao haulingani, na wengine huwa na mapengo ya rangi ndani yao. Ukiwatazama haraka unawaruka ukidhani ni uchafu wa nyuma. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeweza kutajwa jina kwa uhakika kutokana na slaidi. Lakini kuona kwamba vijiti vya waridi viko vya sura mbili, vinene vilivyokolea na vyembamba vilivyopauka, ni habari kubwa, na hiyo slaidi inaweza kukupa.

Kuna bakteria mmoja wa kumwogopa hapa. Asinetobakta ni Gram-hasi, lakini ni mfupi na mnene hivi kwamba hufanana na viduara wawili wawili, na hana pupa ya kuachia zambarau. Akiwa wa waridi, utamdhania naiseria, viduara vya waridi vinavyokaa jozi. Akiwa wa zambarau, utamdhania streptokokasi. Kinachomfichua ni mchanganyiko: kati ya viduara utaona vichache vilivyorefuka kuwa vijiti. Ukiona mkanganyiko huo, andika kile unachokiona na useme kwamba rangi haitabiriki.

Kwenye slaidi yetu, baada ya nyanja 20 na ushee, hatukupata kishada hata kimoja. Viduara vya zambarau vilikuwa jozi na minyororo mifupi ya wanne hadi sita. Vijiti vya waridi vilikuwa vingi, na vya sura zote mbili nilizotaja. Baadhi yao walikuwa ndani ya tumbo la nyutrofili, jambo linaloonyesha kwamba mwili ulikuwa ukipigana nao kabla slaidi haijatengenezwa. Aliyeingia kutoka kwenye maji ya sinki au chupa ya rangi hapatikani humo.

Hatua ya tano: kutoka kwenye picha hadi kwenye maambukizi

Sasa rudi kwenye swali la daktari. Rangi na umbo havitaji jina la bakteria, lakini vinapunguza orodha, na mpangilio pamoja na mahali sampuli ilikotoka vinaipunguza zaidi.

Viduara vya zambarau vya vishada peke yao, ndani ya jipu la ngozi, vingemwambia daktari kwamba alikisia vizuri: maambukizi yametoka nje, kwenye ngozi. Vijiti vya waridi peke yao kwenye mkojo vingeelekeza kwa bakteria wa utumboni waliopanda kwenye kibofu. Picha yetu ni ya tatu. Minyororo mifupi ya zambarau, pamoja na vijiti vinene vya waridi, pamoja na vijiti vilivyopauka, chini ya mshono wa upasuaji wa utumbo, ni wakazi wa utumbo mpana wakiwa nje ya nyumba yao. Bakteria wengi wa sura mbalimbali mahali pamoja huwa na maana moja nzito: kuna mlango ulioachwa wazi. Swali kwa daktari wa upasuaji halibaki kuwa ni dawa gani. Linakuwa hili: je, mahali utumbo ulipounganishwa panavuja?

Harufu nayo inaingia hapa. Uozo ule hutengenezwa na bakteria wasiotaka oksijeni, na ndio wale vijiti vilivyopauka. Pua ya aliyepokea sampuli ilikuwa imeshasema kabla ya hadubini.

Upande wa dawa, ule utando wa mafuta uliosababisha rangi ya waridi ni huohuo unaoamua dawa ipi ipenye. Vankomaisini ni molekuli kubwa mno kuvuka utando wa nje, kwa hiyo vijiti hivi vya waridi havisumbuliwi nayo. Kloksasilini, ambayo madaktari wengi huichagua wakishuku stafilokokasi wa ngozi, haina nguvu kwa E. koli wala kwa enterokokasi. Mgonjwa huyu angepewa kloksasilini kwa kukisia, angekuwa anapewa dawa isiyomgusa karibu yeyote kati ya wale tuliowaona. Hapa slaidi iliyochukua chini ya nusu saa imetangulia majibu ya kuotesha bakteria maabarani kwa siku moja au mbili.

Utando huohuo wa nje umebeba sumu ya kundi hili, mafuta yenye sukari ambayo yakimwagika kwenye damu huweza kuangusha shinikizo la damu kwa kasi. Ndiyo sababu vijiti vya waridi vikionekana kwenye chupa ya kuoteshea damu ya mgonjwa, maabara hupiga simu mara moja na haisubiri karatasi. Wao ni nadra sana kuwa uchafu uliopita kwenye ngozi. Viduara vya zambarau vya vishada kwenye chupa ya damu ni mjadala mrefu zaidi. Vinaweza kuwa stafilokokasi aureusi, ambaye hata akiwa kwenye chupa moja tu huchukuliwa kwa uzito wote, au vinaweza kuwa stafilokokasi wa ngozi aliyesafiri na sindano. Kwa macho hao wawili hawatofautishwi. Kinachosaidia ni kuuliza ni chupa ngapi zimeota kati ya zile zilizochukuliwa sehemu tofauti za mwili, na zimechukua saa ngapi. Simu hupigwa kwa vyovyote. Kinachobadilika ni maneno.

Hatua ya sita: mipaka ya slaidi

Slaidi isiyo na bakteria haisemi kwamba hakuna maambukizi. Ili uone bakteria kwa lenzi ya mafuta bila kuwakusanya kwanza, sampuli inahitaji kuwa na takriban bakteria 100,000 kwa kila mililita. Chini ya hapo unaweza kutazama nusu saa bila kumwona hata mmoja, kisha kesho wakaota.

Wapo pia wasioshika rangi hizi kabisa au kwa namna ya kutegemewa. Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wa nta na anahitaji rangi yake. Maikoplazima hana ukuta, klamidia hujificha ndani ya seli, na kijidudu cha kaswende ni mwembamba kuliko uwezo wa hadubini ya kawaida. Nyutrofili nyingi bila bakteria hata mmoja ni picha yenye maana: andika hivyohivyo, usiandike tu kwamba hakuna kitu.

Na slaidi haijui dawa ipi imezoewa. Vishada vya zambarau vinavyokufa kwa kloksasilini na vile vinavyoidharau vina sura moja.

Hatua ya saba: andika ulichokiona

Jibu tulilopeleka lilikuwa na mistari mitatu. Nyutrofili nyingi, seli bapa hazikuonekana. Vijiti vya Gram-hasi vingi, vya sura zaidi ya moja, baadhi vimepauka, baadhi ndani ya nyutrofili. Viduara vya Gram-chanya vya wastani, jozi na minyororo mifupi, vishada havikuonekana. Chini yake tukaongeza maoni: mchanganyiko huu unafanana na bakteria wa utumboni, wakiwemo wanaoelekea kuwa wasiovumilia oksijeni. Hatukuandika E. koli wala enterokokasi, kwa sababu hakuna aliyewaona; tuliona vijiti na viduara. Kisha tukampigia simu daktari, maana karatasi hukaa kwenye trei.

Siku ya pili sahani za kuoteshea zilizokaa kwenye hewa ya kawaida zikaota E. koli na enterokokasi. Vijiti vilivyopauka havikuota. Hapo kuna mtego wa mwisho, na ni wa watu wenye uzoefu: kufunga jibu kwa wale walioota tu, kana kwamba slaidi ilikosea. Nilirudi kwenye slaidi, ambayo huhifadhiwa hadi jibu likamilike, nikawaona palepale tulipowaacha. Wasiovumilia oksijeni hawaoti kwenye hewa, na mtungi usio na oksijeni huhitaji saa 48 au zaidi kabla ya kufunguliwa. Jibu likaenda likiwa na majina mawili, na mstari wa tatu ukisema kwamba vijiti vya Gram-hasi vilivyopauka vilionekana kwenye slaidi lakini havijaota bado, mtungi unaendelea. Kwa mstari huo daktari aliendelea na metronidazoli, dawa ya kuwaua wasiovumilia oksijeni, ambayo alikuwa karibu kuisimamisha. Siku ya nne mtungi ulipofunguliwa, walikuwa wameota.